Kabla Hujafunga Droo: Orodha ya Makabidhiano ya Likizo Ndefu

Siku ya tatu baada ya kujifungua, mhasibu wa ofisi tuliyofanya kazi pamoja alikuwa kitandani akimnyonyesha mwanawe, simu yake ikaita. Najua kwa sababu aliyepiga nilikuwa mimi. "Hongera sana, dada. Mtoto hajambo? Samahani kwa usumbufu." Kisha nikasema lililonipeleka. Mfumo wa kuwasilishia kodi ulikuwa umetuma namba ya siri ya kuingilia, na namba hiyo ilikwenda kwenye simu yake. Akanisomea tarakimu sita kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nikakosea kuandika moja. Muda wa namba ukaisha, tukaanza upya.

Si kwamba aliondoka bila kukabidhi. Aliniachia kurasa nne zilizochapwa vizuri, na meneja alizisaini. Zilisema kwamba mhasibu huandaa mishahara, huwasilisha kodi, hufuatilia madeni na hutunza fedha taslimu. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sikijui ni ankara ipi ilikuwa imelipwa nusu, mteja yupi aliahidi kulipa lini, na simu ya nani hupokea namba ya siri. Kurasa zile zilieleza cheo chake, wakati mimi nilihitaji kujua meza yake imeachwa katika hali gani.

Hapo ndipo makabidhiano mengi yanapokwama. Mtu anayekwenda likizo ndefu huandika anachofanya kila siku, kana kwamba anamwandikia mwajiriwa mpya. Lakini anayemshikia nafasi mara nyingi ni mwenzake wa ofisi hiyohiyo, na kazi kwa ujumla wake anaifahamu. Kinachomsaidia ni hali ya kila jambo siku ile droo inapofungwa: limefika wapi, linalofuata ni nini, nani alifanye, na mwisho wake ni lini.

Siku 84 kwenye kalenda

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni mhasibu wa kampuni ndogo ya kuuza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, yenye wafanyakazi 14. Anaanza likizo ya uzazi Jumatatu, tarehe 3 Agosti 2026. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa siku 84 zenye malipo, na akijifungua pacha zinakuwa 100. Kwa siku 84, wiki 12 kamili, siku yake ya mwisho ya likizo ni Jumapili ya tarehe 25 Oktoba, na kazini anarudi Jumatatu ya tarehe 26.

Sheria hiyohiyo inamtaka amwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Kwa hiyo ofisi haiwezi kusema imeshtukizwa. Hata hivyo mtoto hafuati kalenda ya ofisi. Anaweza kuja wiki tatu kabla, na mama akatoka kazini Jumanne akiwa amepanga kuandika makabidhiano Ijumaa. Mhasibu wetu anafanya vyema akiwa na orodha inayoweza kutumika wiki sita kabla ya kuondoka, kisha akawa anairekebisha kila Ijumaa jioni kwa robo saa. Likimkuta la kumkuta, orodha iliyochelewa kwa siku nne bado inafaa.

Kazi ya kwanza ni kuweka tarehe za mwisho kwenye kalenda. Azitafute kwenye kumbukumbu za mwaka jana wala asitegemee kichwa chake. Afungue taarifa ya benki ya Agosti, Septemba na Oktoba za mwaka uliopita, apitie malipo moja baada ya jingine, na kila malipo ayaulize: je, yatarudi mwaka huu? Humo ndimo anamokutana na mambo yanayokuja mara moja kwa mwaka ambayo hayamo akilini: bima ya gari la mizigo, leseni ya biashara inayoisha baada ya miezi 12, pango la ghala linalolipwa kila nusu mwaka.

Kwa upande wa kodi, tarehe za Tanzania zinajulikana. Kodi ya mishahara ya mwezi hulipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Ritani ya kodi ya ongezeko la thamani huwasilishwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Michango ya NSSF hulipwa kabla mwezi unaofuata haujaisha. Kampuni inayofunga hesabu zake Desemba hulipa kodi ya mapato ya makadirio kwa awamu nne, na awamu ya tatu mwisho wake ni 30 Septemba. Msomaji aliye Kenya aziangalie za kwake, maana huko kodi ya mishahara, kwa mfano, hufika mwisho tarehe 9.

Lakini kuandika "tarehe 20" hakutoshi. Chukua kalenda ya 2026 uone. Tarehe 20 Septemba ni Jumapili. Tarehe 7 Septemba ni Jumatatu, kwa hiyo kodi ya mishahara ya Agosti isipoidhinishwa Ijumaa ya tarehe 4, zinabaki saa chache tu za Jumatatu asubuhi, na pengine mkurugenzi yuko safarini. Mishahara ya kampuni hii hulipwa tarehe 25. Agosti, tarehe hiyo inakaribiana sana na Maulidi, na kama ni sikukuu au la, mwandamo wa mwezi ndio utakaoamua.

Sasa tazama Oktoba. Tarehe 25 ni Jumapili, siku moja tu kabla mhasibu hajarudi. Bila kufikiri sana angeweza kusema, "Mishahara ya Oktoba nitaishughulikia mwenyewe, nitakuwa nimesharudi." Ukweli ni kwamba lazima ilipwe Ijumaa ya tarehe 23, naye bado yuko nyumbani. Mtego wa namna hii hauonekani mpaka uweke likizo na tarehe za malipo kwenye ukurasa mmoja.

Ndiyo maana kila tarehe kwenye orodha yake ina mwenzake. Ya kwanza ni ya nje, iliyowekwa na sheria au mkataba. Ya pili ni ya ndani, siku ambayo kazi inatakiwa iwe mezani kwa mwenye kuidhinisha. Ritani ya Agosti: ya nje 20 Septemba, ya ndani Jumatano ya tarehe 16. Anayeshika nafasi aifuate hiyo ya ndani. Hahitaji kujua kama sheria itamwongezea siku kwa sababu ya Jumapili.

Jambo moja, mstari mmoja

Baada ya kalenda, mhasibu anakusanya mambo yaliyo katikati, yaani yameanza na hayajaisha. Haya ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hayana tarehe ya kisheria ya kuyakumbusha. Yako kwenye barua pepe alizotuma akisubiri majibu, kwenye ujumbe wa simu, na kwenye karatasi zilizobanwa chini ya kikokotoo. Kwa wiki mbili aandike kila analoligusa ambalo halikuisha siku hiyohiyo. Katika ofisi kama hii, asishangae yakifika 20 au 30.

Kisha kila jambo liandikwe kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuchukua hatua bila kuuliza. Hivi ndivyo mtu huandika akiwa na haraka:

*Kufuatilia deni la mteja wa Morogoro.*

Na hivi ndivyo linavyotakiwa kuwa:

*Deni la mwenye duka la Morogoro: shilingi 4,600,000. Alilipa 2,000,000 tarehe 10 Julai, zimebaki 2,600,000. Ameahidi kwa simu kumalizia 14 Agosti. Mpigie 12 Agosti kumkumbusha. Asipolipa hadi 17 Agosti, usitoe mzigo mpya. Mwambie mkurugenzi siku hiyohiyo. Usikubali awamu nyingine bila yeye. Ankara na risiti: faili la wadaiwa, herufi M. Mhusika: karani wa hesabu.*

Mfano wa pili si mrefu sana, lakini ndani yake mna hali ya jambo, hatua inayofuata, tarehe, mahali ushahidi ulipo na jina la mhusika. Pia mna kikomo: "Usikubali awamu nyingine bila yeye." Sentensi hiyo ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mteja hodari akisikia mhasibu hayupo hupiga simu na kusema, "Tulishakubaliana na dada yule kwamba nitalipa kidogokidogo hadi Desemba." Karani asiye na maandishi mkononi atamwamini, kwa sababu hana cha kumbishia.

Hapa kuna jambo gumu kidogo. Kila mmoja wetu ana kitu alichokichelewesha: barua ya mamlaka ya kodi ambayo haikujibiwa tangu Juni, au tofauti ya shilingi 38,000 kati ya daftari na taarifa ya benki, ambayo kila mwezi inasukumwa mbele. Mtu huona aibu kuviandika, akajipa moyo kwamba atavimaliza kabla ya kuondoka. Mara nyingi havimalizi, na anayemshikia nafasi anavikuta vikiwa vimeiva. Wazee walisema mficha uchi hazai, na kwa anayekwenda likizo ya uzazi methali hiyo inamfaa mara mbili. Tofauti ya shilingi 38,000 ikiandikwa inabaki kuwa kazi ya kufuatilia. Ikifichwa, mwezi wa Septemba itaonekana kama wizi, na atakayeshukiwa ni karani.

Yako pia mambo yanayoweza kusubiri hadi 26 Oktoba, kama vile kupanga upya mafaili ya 2023 au kubadilisha fomu ya maombi ya safari. Nayo yaandikwe, na mbele yake iandikwe: "Yasubiri. Meneja amekubali." Bila neno hilo, karani mwenye bidii atayaanza, ayaache katikati, na mhasibu akirudi ayakute yamevurugika zaidi.

Kazi anaweza, saini hana

Kukabidhi kazi na kukabidhi mamlaka ni mambo mawili. Karani wa hesabu anaweza kuandaa malipo yote, lakini kama benki inamtambua mhasibu kuwa mmoja wa watia saini wawili, malipo hayatoki. Kubadilisha watia saini kwa kawaida kunahitaji azimio la bodi, fomu za benki, vitambulisho na picha, na benki ina mwendo wake. Lianze angalau mwezi mmoja kabla. Wiki ya mwisho ni kuchelewa.

Kwenye mifumo ya kompyuta, kishawishi ni kuandika nywila kwenye orodha na kumaliza. Usifanye hivyo. Karatasi hiyo itapigwa chapa, itapigwa picha, itatumwa kwa WhatsApp. Tena, malipo yakifanyika kwa jina la mhasibu wakati yeye yuko nyumbani akinyonyesha, siku mkaguzi akiuliza hakuna atakayeweza kusema nani alibonyeza. Njia sahihi ni kumfungulia anayekaimu akaunti kwa jina lake mwenyewe, au kumwongeza awe na ruhusa kwa kipindi maalumu, kisha kuiondoa Oktoba. Kwenye orodha andika tu jina la mfumo, nani ana ruhusa gani, hadi lini, na namba ya simu inayopokea namba ya siri. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza mimi. Ofisi yoyote inaweza kulitatua kwa kuhamishia huduma hiyo kwenye laini ya kampuni inayobaki ofisini.

Kisha lipo suala la nani aidhinishe. Kwa kawaida mhasibu wetu huandaa malipo na mkurugenzi huyaidhinisha. Karani akiachiwa kuandaa, kuhakiki na kupeleka benki peke yake, kinga imeondoka hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Basi karani anaandaa, meneja wa mauzo anahakiki, mkurugenzi anaidhinisha. Ila posho za safari za idara ya mauzo zisihakikiwe na meneja huyo, kwa sababu atakuwa anahakiki za kwake. Hizo ziende moja kwa moja kwa mkurugenzi. Ni sentensi moja tu kwenye orodha, na inaondoa ugomvi mwingi.

Fedha taslimu zikabidhiwe zikiwa zimehesabiwa. Ijumaa ya tarehe 31 Julai, mhasibu, karani na shahidi mmoja wanakaa mezani, wanafungua kisanduku na kuhesabu noti kwa aina zake: elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, hadi sarafu. Jumla ya fedha na risiti ambazo hazijaingizwa ilingane na kiwango kilichowekwa. Wote watatu wanasaini, funguo inabadilisha mkono palepale. Vitabu vya hundi navyo viandikwe kuanzia namba gani hadi namba gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ikipotea katika likizo ya mtu, jina lake ndilo litakalotajwa kwanza.

Watu nao wanakabidhiwa

Sehemu ya mawasiliano huwa ni orodha ya majina na namba. Karani akipiga, upande wa pili wanamuuliza, "Wewe nani? Yule dada yuko wapi?" Bora kila jina liwe na maelezo mafupi: anahusika na nini, hupatikana vipi, na mara ya mwisho mlizungumza nini. "Ofisa wa benki: hushughulikia malipo ya nje, hajibu barua pepe, mpigie kabla ya saa nne asubuhi." "Mshauri wetu wa kodi: ana nakala ya barua ya Juni, ameahidi rasimu ya jibu 11 Agosti."

Watu watano au sita wa muhimu zaidi waarifiwe mapema. Mhasibu awaandikie mwezi Julai, akimtaja anayemshikia nafasi na tarehe zake, nakala imfikie karani mwenyewe. Benki na mshauri wa kodi ni vizuri waende wote wawili. Na barua pepe yake iwekewe jibu la moja kwa moja lenye jina na simu ya kaimu, maana msambazaji aliyetuma ankara na kukaa kimya mwezi mzima atasitisha mzigo bila kujua kwamba hakuna aliyeisoma.

Kila mstari uwe na mhusika mmoja. Ukiandika "karani na meneja", karani atadhani meneja ameshapiga simu, na meneja atadhani vivyo hivyo. Pia karani ana kazi yake mwenyewe, na akitwishwa yote kwa siku 84 kitaanguka kimojawapo. Katika mfano wetu mishahara na madeni yanakwenda kwa karani, malipo makubwa kwa mkurugenzi, na ritani zinaandaliwa na mshauri wa kodi kwa mkataba wa miezi mitatu. Meneja asaini orodha hiyo, kwani yeye ndiye anayegawa kazi. Mhasibu anapendekeza tu.

Jaribio la kukaa kimya

Orodha ikishakamilika itaonekana haina pengo, kwa sababu aliyeiandika anajua kilichokosekana na akili yake inajazia. Dawa ni kuijaribu. Mishahara ya Julai iandaliwe na karani akifuata orodha, mhasibu akiwa ameketi pembeni bila kusema neno. Kila karani anapokwama na kuinua macho, mhasibu asijibu kwanza. Aandike swali kwenye orodha, kisha ndipo amsaidie. Maswali hayo ndiyo simu ambazo zingepigwa wodini.

Hatimaye wakubaliane lini apigiwe. Sheria inazuia mama kurudi kazini kabla ya wiki sita tangu ajifungue, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Ofisi isiyaharibu hayo kwa simu. Katika mfano wetu orodha inafungwa na mistari mitatu: jambo lolote lianzie kwa mkurugenzi, mkurugenzi peke yake ndiye anayeweza kumpigia mhasibu, na apige tu ikiwa fedha au tarehe ya kisheria itapotea, na jibu haliko popote kwenye faili.

Orodha hiyo isifungiwe kwenye droo. Karani aitumie kama daftari, kila jambo likiisha aandike tarehe na matokeo, jipya likija aongeze mstari. Tarehe 26 Oktoba itakuwa ndiyo makabidhiano ya kurudi, na kazi ya siku ya kwanza ni kukaa pamoja saa moja na kuipitia, kuhesabu kisanduku tena kwa noti na sarafu, na kuondoa ruhusa za muda kwenye mifumo.

Kama likizo yako ni ya Agosti, usianze na ukurasa mtupu. Fungua taarifa ya benki ya Agosti iliyopita, na usome mstari wa kwanza.